Theluthi ya Sekunde ya Mzee Vitalis

Mzee Vitalis alikuwa na mguu mmoja mbovu, wa kushoto, ulioangukiwa na gunia la mchele zamani katika kazi yake ya kubeba mizigo Kariakoo. Wabeba mizigo wenzake walimheshimu pamoja na mguu wake huo, hakuna aliyeucheka. Sasa binti yake Leticia, fundi wa katuni, akapewa kazi ya kuchora tangazo la magodoro ya duka la mzee Mansukhlal. Akamwambia, "Baba, nataka nikuchore wewe, umebeba godoro."

"Watu wasije wakanicheka, mama."

"Hawakucheki. Nakuahidi."

Basi bwana, kila jioni mzee akawa anakaa pembeni anatazama tableti. Picha kumi na mbili kwa sekunde moja, zote za mkono! Picha iliyopita ilibaki inaonekana kwa mbali, nyekundu, na inayofuata kijani. Mafundi wenyewe wanaiita ganda la kitunguu, mkono upate kujua mguu umetoka wapi na unaenda wapi. Mguu mbovu ukikanyaga, Leticia aliiacha picha hiyohiyo kwa fremu nne, nafasi nne kati ya zile kumi na mbili.

"Theluthi ya sekunde," akasema. "Hapo uzito wako unatua, baba."

Tangu aumie hakuna mtu aliyewahi kuuangalia ule mguu namna ile. Tangazo la sekunde ishirini likala mwezi mzima.

Jumatatu yuko na mzigo kichwani, akakuta watu wamejazana mbele ya duka, skrini kubwa inawaka. Ndani yake kuna mtu anarukaruka na godoro kama kuku aliyekanyaga makaa. Shati lake. Kofia yake.

"Oya Vitalis!" Aristides, mwenzake wa miaka yote, akaanza kumwigiza palepale. "Kumbe mbio unazo, ulikuwa unatuzuga tu!"

Hata mama ntilie akacheka mpaka akashika meza.

Nyumbani Leticia akampigia simu Urvish, mjukuu wa Mansukhlal aliyelipokea tangazo, akaweka spika baba naye asikie.

"Kaka, tangazo umelifanyaje?"

"Babu alitaka sekunde kumi, dada. Nikabadilisha tu zile picha kumi na mbili kwa sekunde zikawa ishirini na nne. Na watu wanalipenda balaa! Wanacheka, wanaingia kununua."

"Ungeniambia nipunguze hatua!"

"Aa, ya nini tena? Limeshatoka."

Mzee akauliza polepole, "Na ile theluthi yangu?"

"Wameikata nusu, baba."

Leticia akamfungulia la kwake, la kumi na mbili. Hatua, uzito, hatua.

"Punguza," akasema mzee.

"Ndiyo mwendo wenyewe huu, baba. Ulioupenda."

"Punguza, mama. Bado namwona kuku."

Akashusha mpaka nane, mpaka nne, picha zikawa zinadondoka mojamoja. Mzee anatikisa kichwa tu.

Kesho yake aliacha njia ya dukani, akazungukia Mnazi Mmoja. Na ule mguu, kila ukigusa chini, akawa anawahi kuunyanyua. Hakuuacha utue tena.