Tarehe ya Kuacha Kazi

Barua pepe ilimkuta Mhasibu anaanika nguo. Aliisoma akiwa ameshika shati kwa mkono mmoja, akairudia, kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kampuni ya bima imemchagua. Kazi ni yake, ila kwa sharti kwamba uhakiki wa taarifa zake utoke salama. Walimtaka asaini ridhaa ya kuhakikiwa, atume mawasiliano ya mwajiri wake wa mwisho, na athibitishe anwani ya ukurasa wake wa LinkedIn, mtandao wa wafanyakazi na watafuta kazi.

Alicheka kidogo peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu amzike binti yake, na sauti yenyewe ilimshtua.

Binti huyo mtaa mzima ulimwita Kiherehere, kwa kuwa hapakuwa na jambo lililompita. Alikuwa na miaka kumi na moja alipougua saratani ya damu. Mhasibu wakati huo alikuwa anafanya kazi kiwanda cha rangi. Mwezi wa sita aliandika barua ya kuacha kazi, akahamia wodini na godoro jembamba. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata alirudi nyumbani na godoro lile lile, mtoto hayupo.

Siku hiyo ya barua pepe aliacha nguo kwenye beseni, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Huyu alikuwa na duka la steshenari, chumba kimoja chenye mashine ya kutoa nakala, kompyuta mbili na foleni ya watu wanaotafuta kazi. Kuwaandikia watu CV ndiyo ilikuwa riziki yake, na ya dada yake aliiandika yeye.

"Dada, umepata!" Alimkumbatia mbele ya wateja. "Sasa tukae chini. Hawa watu wa uhakiki wanalinganisha kila kitu. CV, fomu uliyojaza, LinkedIn, halafu wanampigia mwajiri wa zamani. Vikipishana, umekwisha."

Alifungua CV upande mmoja wa skrini, ukurasa wa LinkedIn upande wa pili. Walianza na cheo. CV ilisema Mhasibu Mkuu, LinkedIn ilisema Mhasibu.

"Mkataba wako ulisemaje?"

"Mhasibu. Ila nilikaimu ukuu miezi minne, bosi alipokwenda likizo ya uzazi. Barua ninayo."

"Basi tusijipandishe. Wakiuliza kiwandani watajibiwa kilichomo kwenye faili, na faili halijui kujipendekeza." Akarekebisha pande zote mbili: Mhasibu, na chini yake, alikaimu nafasi ya Mhasibu Mkuu, pamoja na miezi yenyewe. "Barua ya kukaimu waambatanishie. Nitawaandalia pia CV hii mpya, tuwaambie tumesahihisha cheo."

Hapo alifanya sawa kabisa. Laiti wangeishia hapo.

Kisha wakafika kwenye tarehe. LinkedIn ilisema ameacha kazi mwezi wa sita. CV ilisema mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata. Ile miezi ya wodini ilikuwa imefukiwa, juu yake kimejengwa kiwanda cha rangi.

"Hii uliirefusha wewe," alisema Mhasibu.

"Niliirefusha mimi. Niliona kila CV yako inarudi bila jibu. Waajiri wakiona pengo wanadhani ulifukuzwa. Na wewe uliiona, dada."

Kweli aliiona. Siku ile alikuwa ametoka kugawa nguo za mtoto, na hakuwa na nguvu ya kumweleza mtu asiyemjua alikuwa wapi miezi yote hiyo. Aliiona tarehe, akapitisha, akaiandika vivyo hivyo kwenye fomu ya maombi.

"Tukirudisha ile ya kweli je?"

"Umeshasaini fomu. Utaonekana mwongo kabla hujaripoti." Alijikuna shingo. "Rahisi ni kubadilisha LinkedIn. Ile ni mali yako, unaibadilisha utakavyo. Nitazima ile taarifa inayowafikia watu wako, hakuna atakayejua."

Alizima, akabadilisha mwezi. Kisha akashusha ukurasa, na wote wawili wakaliona kwa pamoja: chapisho la mwezi wa sita. *Leo nimeacha kazi niliyoipenda ili nimuuguze binti yangu. Asanteni nyote.* Chini yake picha, yeye na Kiherehere kwenye benchi la hospitali, mtoto amevaa kofia ya sufu na kutoa ulimi.

Mdogo mtu aliangalia pembeni. Mtoto alikuwa mpwa wake, na kofia ile aliinunua yeye.

"Hili nalo inabidi tulifute," alisema kwa sauti ya chini. "Tarehe inaonekana."

Mhasibu alilifungua chapisho kwenye simu yake. Alikuwa anakumbuka siku zile wodini, alipotoka kutafuta maji ya moto na kumwachia mtoto simu. Akirudi anakuta Kiherehere amewajibu watu wa kiwandani waliotoa maoni chini ya chapisho hilo, kwa jina la mama yake, bila haya. Alikuwa amemjibu msimamizi wa ghala: *Hapa ni mwanawe. Nimeambiwa nipone upesi, nimesikia.* Mwingine aliuliza hali, akajibiwa: *Sindano leo mbili, nimelilia moja tu.* Na meneja mwenyewe: *Bosi, usimpe mtu kiti cha mama, nikipona atakirudia.*

"Ngoja nipige picha kwanza," alisema.

"Piga. Piga zote."

Mteja mmoja alikuwa anagonga kaunta kwa sarafu, anataka nakala za cheti. Mhasibu alipiga picha za skrini haraka, akiteremka chini huku macho yamejaa machozi, haoni vizuri. Kisha akampa mdogo wake simu, kwa kuwa kubonyeza *Futa* mwenyewe hakuweza. Mdogo wake akabonyeza. Simu ikauliza kama wana uhakika. Akabonyeza tena.

Wiki iliyofuata aliitwa kwenye ofisi ya kampuni ya bima. Alivaa gauni lake la bluu na viatu vya kubana, akidhani anakwenda kusaini mkataba.

Ofisa utumishi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Alifunga mlango mwenyewe, akavuta kiti akaketi upande wa mgeni, si nyuma ya meza. Hapo Mhasibu alijua.

"Dada yangu, nataka unisaidie kuelewa," alisema. "Cheo hakina shida, barua ya kukaimu tumeiona, na tumependa ulivyojisahihisha. Shida ni tarehe. Kiwanda kimethibitisha uliacha mwezi wa sita. Wewe umetuandikia mwezi wa tatu."

Mhasibu alifungua mdomo, ofisa akainua kiganja taratibu.

"Ngoja nimalize, ili nisikuvizie. Wahakiki huchukua nakala ya ukurasa wa mwombaji siku anapoomba. Siku ile LinkedIn yako ilisema mwezi wa sita. Walipoangalia tena baada ya barua yetu, imekuwa mwezi wa tatu. Tarehe kupishana tunaona kila siku, watu husahau. Tunauliza, wanaeleza, tunaendelea. Lakini hii haikupishana tu. Imesogezwa."

Ndipo Mhasibu akasema yote. Alianza kwa utaratibu kama anayesoma hesabu za mwaka, hadi alipofika kwenye godoro, hapo akaanza kuchanganya miezi. Hakumtaja mdogo wake. Alisema tarehe aliiandika yeye, na kwenye fomu ni kweli aliiandika yeye.

Ofisa alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

"Pole, mama," alisema. "Pole sana."

"Ningeandika kwamba nilikuwa namuuguza mwanangu, mngenichukua?"

Ofisa angeweza kudanganya kwa huruma. Hakufanya hivyo.

"Ndiyo. Pengo si kosa. Ungeandika mstari mmoja tu, na hakuna ambaye angekuuliza zaidi." Akashusha pumzi. "Lakini kazi hii ni ya kushika vitabu vya watu. Chini ya fomu umesaini kwamba yote ni kweli. Nimewaomba wakubwa wangu, nimeshindwa. Tunaiondoa nafasi tuliyokupa."

Mhasibu alimshukuru, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Alishuka ngazi akiwa ameshika viatu mkononi.

Alikwenda dukani. Mdogo wake alimwona usoni, akawatoa wateja, akashusha shata la mlango nusu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa sakafuni kati ya maboksi ya karatasi.

"Nimekuua, dada."

"Tulikuwa wawili."

"Mimi ndiye ninayejifanya najua."

Ili asimwangalie akilia, Mhasibu alitoa simu, akafungua zile picha za skrini. Alitaka kumsikia mwanawe kidogo. Alipitisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Msimamizi wa ghala alikuwepo. Meneja alikuwepo. Na chini ya kila maoni, mahali pa Kiherehere, kulikuwa na maneno madogo ya kijivu: *Tazama majibu.*

Majibu hayakuwa yamefunguliwa. Hakuna picha hata moja iliyoyashika.

Alizipitia tena kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua. Mdogo wake alisimama, akaja kutazama begani kwake, akaelewa, akaweka mkono mdomoni.

Walijaribu walichoweza. Aliomba nakala ya kumbukumbu zake zote za ukurasa ule, na faili likaja, limejaa kazi alizoomba na watu aliojuana nao. Chapisho halikuwemo, wala sauti ya mtoto. Msimamizi wa ghala alipopigiwa simu alikumbuka kwamba kulikuwa na jibu, tena lilimchekesha, ila maneno yenyewe hakuyashika.

Jumapili moja mchana walikaa tena mbele ya kompyuta, shata limefungwa. Mhasibu alitaka yote yaandikwe kama yalivyotokea. Mdogo wake alirudisha mwezi wa sita, kwenye CV na kwenye LinkedIn. Kisha akaongeza mapumziko ya kazi, kwa kuwa ukurasa unayo nafasi hiyo na una aina za kuchagua. Walichagua uuguzaji wa ndugu.

"Mwanzo?"

"Mwezi wa sita."

"Mwisho?"

Alimwambia mwezi wa pili. Mdogo wake aliandika bila kuinua kichwa.

"Baada ya hapo umekaa tena bila kazi mpaka sasa," alisema. "Kuna aina nyingine hapa. Kufiwa."

"Weka hiyo."

"Mwanzo ni huo huo mwezi wa pili." Akasoma kisanduku kilichofuata. "Wanataka tarehe ya mwisho, dada. Au nibonyeze hapa, kwamba bado inaendelea."

Nje mtu alipita anapiga mluzi.

"Bonyeza," alisema Mhasibu.