Picha za Hina Zisizofunguka

Kila ukoo una mtaalamu wake wa kompyuta, na ukoo wa Bi Mwanaheri wa Chamazi ulijaaliwa Walid. Alikosomea utaalamu huo hakuna aliyekujua. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, alikuwa na laptop, na mwaka mmoja aliwahi kuifufua televisheni ya Bi Mwanaheri, mama mkwe wake, kwa kuichomeka kwenye umeme. Kuanzia siku hiyo cheo kikawa chake, na yeye hakufanya jitihada yoyote ya kukikataa. Ukimwambia simu imezima, anakunja mikono ya kanzu, anakohoa kidogo, anasema, "Tatizo dogo tu, ni setingi." Kisha simu inapelekwa kwa fundi.

Nusaiba, shemeji yake, alikuwa amemstahimili kwa miaka tisa. Lakini wiki ile ya harusi ya mdogo wake Reem, utaalamu wa Walid ulikaribia kumtoa roho.

Chanzo ni siku ya hina. Alasiri ile wanaume walifukuzwa nyumbani wote, hata wa kubeba viti, na Nusaiba akasimama mlangoni na kikapu. Kila anayeingia anatumbukiza simu yake humo. Wanawake wanavua mabaibui, wanafungua nywele, wanacheza watakavyo, na hawataki kesho wajikute kwenye simu ya shemeji wa jirani. Simu moja tu iliruhusiwa kupiga picha, iPhone ya mama mdogo Bahiya aliyekuja kutoka Maskati. Nusaiba aliwaahidi wanawake arobaini na mmoja, kwa jina la Mungu, kwamba picha zile hazitaonwa na jicho la mwanamume.

Basi kwa kuamini kiapo hicho, dada yake Khulud, mke halali wa Walid, aliingia uwanjani amevaa kanzu ya mumewe, kofia ya mumewe, mito miwili tumboni na sinia kwapani badala ya laptop. Akakohoa. Akakunja mikono. Akawageukia wanawake akasema, "Tatizo dogo tu, ni setingi." Akaligeuza sinia juu chini, akalipuliza, akalipiga makofi, akatangaza kwamba limeingia virusi. Bi Mwanaheri alicheka mpaka akaomba maji. Bahiya alipiga picha kumi na moja za tukio hilo peke yake, asije akakosa pembe.

Siku ya safari yake Bahiya akamkabidhi Nusaiba picha zote kwenye fleshi, mia mbili na kumi na nne, kisha mbele ya macho yake akazifuta kwenye simu, na kwenye pipa la taka la simu pia. Mwanamke mwaminifu. Hivyo picha zikabaki mahali pamoja tu duniani, na Reem alitakiwa aende na albamu yake Ijumaa jioni kwa mumewe Tanga.

Jumanne Nusaiba akaenda Mbagala kwa Hamisa. Huyu alikuwa na chumba cha kusafishia picha za wanawake peke yao: mwanamume haingii, na kompyuta yake haijaonja intaneti tangu aitoe kwenye boksi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake mjini. Hamisa akachomeka fleshi, folda likafunguka, na ndani yake yakajipanga makaratasi meupe mia mbili na kumi na nne, kila moja na jina linaloishia na HEIC.

"Ishu hii hapa," alisema Hamisa. "iPhone inahifadhigi hivi ili picha zisile nafasi. Windows yangu haizijui, na mashine ya kusafishia inakula JPEG tu. Angezihamisha kwa waya, simu ikiwa imewekwa igeuze yenyewe, zingetoka JPEG. Huyu kachagua zitoke kama zilivyo."

"Sasa simu iko Maskati, na picha kazifuta."

"Basi subiri nimuulize mwenzangu. We nenda nyumbani, ntakupigia."

Nusaiba akarudi Chamazi, akaiweka fleshi juu ya kabati, akaingia kuoga. Dakika kumi. Alipotoka, mama yake alikuwa ameketi kwa raha zake akikuna mguu.

"Ile fleshi nimempa Walid," alisema Bi Mwanaheri. "Umesema haifunguki, na nyumba hii ina mtaalamu. Ya nini uhangaike?"

"Mama. Zile ni picha za hina."

"Si nimemwambia asiangalie."

Akina mama wa Chamazi wana imani kubwa na maneno. Khulud, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, alisikia yote. Ungo ukamporomoka mikononi. Ndoa yake ilikuwa nzuri kwa jumla, lakini alimjua mumewe. Walid angeweza kusamehe kuibiwa. Kuchekwa na wanawake arobaini na mmoja, na mama mkwe akiwemo, ni jambo lingine.

"Nusaiba," alisema kwa sauti ya chini, "akiziona zile, mie sina uso tena ndani ya nyumba yangu."

Walimkuta sebuleni, mikono ya kanzu imeshakunjwa. Makaratasi meupe yalikuwa yamejaa kwenye kioo cha laptop yake kama yalivyojaa kwa Hamisa, na Nusaiba akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Hakuwahi kufikiria kwamba teknolojia inaweza kuvaa baibui.

"Tatizo dogo tu," alisema Walid. "Jina." Akachagua faili moja, akafuta herufi HEIC, akaandika JPG. Windows ikamwonya kwamba faili linaweza kuharibika; akaikubalia bila kusoma, maana wataalamu hawasomi. Akabofya. Ikaja taarifa kwamba faili halifunguki.

"Kwa hiyo mtu akibadili jina akajiita daktari, atatibu?" aliuliza Nusaiba.

Bi Mwanaheri akacheka. Walid akalirudishia faili jina lake, akasema basi zipakiwe kwenye tovuti moja, zinageuzwa huko huko mtandaoni, bure.

"Huko huko ni wapi, shemeji? Kwa nani?"

Walid hakujua ni kwa nani. Akasema muhimu ni bure. Nusaiba akamweleza kwamba hakuahidi kuziweka hina za watu kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua, na akanyoosha mkono apewe fleshi yake. Lakini Walid alishaudhika. Akanyanyua laptop na fleshi yake, akatoka barazani, akasema wamwachie nusu saa. Khulud alikaa dirishani nusu saa hiyo yote akimtazama kisogo, mpaka muadhini akaadhini alasiri.

Aliporudi, Walid alimpa Nusaiba fleshi bila kumtazama.

"Zimenishinda," alisema.

Miaka tisa, na neno hilo lilikuwa halijapata kutoka kinywani mwake. Khulud akaenda kumpikia mumewe maandazi ya iliki kwa furaha. Bi Mwanaheri akasema hadharani kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Nusaiba naye hakujinyima. Kila alipokutana na Walid ukumbini alimuuliza habari za setingi, na Walid alijibu nzuri.

Alhamisi asubuhi Hamisa akapiga simu. Ipo programu ya bure ya kugeuza picha, inafanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe bila intaneti. Ipakuliwe kwenye kompyuta nyingine, iletwe kwa fleshi, yeye ataisakinisha kwake. Kwenye duka la programu la Windows kipo pia kiongezeo cha kusomea HEIC, alisema, lakini hicho kinafungua tu, hakigeuzi. Kompyuta nyingine iliyokuwapo ni moja tu. Nusaiba akaenda dukani kwa Walid akaomba laptop, na Walid akampa, pamoja na neno la siri, kisha akarudi kumhudumia mteja wa cheni.

Nusaiba akakaa nyuma ya duka, akapakua programu, akachomeka fleshi ili aihamishie humo. Folda likafunguka.

Hayakuwa makaratasi meupe. Zilikuwa picha. Ndogondogo, safu kwa safu, rangi zake zote: Reem na miguu yenye hina, Bahiya na sinia la halua, wanawake wameachia nywele zao. Akakifunika kioo kwa mkono, kana kwamba mkono ungetosha. Kisha akafungua duka la programu la Windows, akatafuta kile kiongezeo cha kusomea HEIC ambacho Hamisa alimtajia. Mahali pa kuandikwa chukua, paliandikwa kwamba kimeshasakinishwa. Cha Jumanne, alasiri.

Zilikuwa zimefunguka, basi. Tangu Jumanne.

Alitafuta kila mahali kama Walid amebaki na nakala. Hakukuwa na hata moja. Akafunga laptop, akampelekea mbele ya duka.

"Shemeji, kwako zinafunguka."

Walid alikuwa akihesabu boliti. Hakuacha.

"Niliweka kile kidude, zikajitokeza zote. Nikafungua moja nione kama iko sawa. Nikafunga."

"Ipi?"

"Ya kanzu yangu." Akaziweka boliti kwenye kopo. "Ile mito ilikuwa miwili?"

"Miwili."

"Nilidhani mmoja." Akafunika kopo. "Hivyo ndivyo mnavyonionaga?"

Nusaiba aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Khulud asijue," alisema Walid. "Atajinyima raha, na siku ile alikuwa na raha. Sijamwona akicheka vile tangu tuoane. We waambie zilinishinda."

Nusaiba akapanda bajaji kwenda Mbagala. Hamisa alisakinisha programu, akaliburuta folda zima ndani yake, akachagua JPEG na ubora wa juu, akaagiza zitoke kwenye folda jipya ili za asili zisiguswe. Dakika chache, kazi kwisha. Mia mbili na kumi na nne, zimesimama wima zinapotakiwa kusimama, tarehe zake zipo, na folda jipya lilikuwa zito karibu mara mbili ya lile la kwanza. Ilipofika ya kanzu, Hamisa aliikuza ikajaa kioo kizima, akaangua kicheko.

"Huyu anamuiga nani?"

"Mtu mmoja hivi," alisema Nusaiba.

Ijumaa baada ya swala walikula pamoja, biriani ya kumuaga Reem. Albamu ilikuwa imefungwa kwenye kanga, ndani ya begi la bibi harusi, na wanawake walikuwa wakitazamana na kucheka chinichini. Bi Mwanaheri akamgeukia mkwewe.

"Walid baba, utaalamu wako ulikwenda wapi? Picha kaja kuzigeuza mwanamke wa Mbagala asiye hata na intaneti."

Meza nzima ikacheka, na Khulud akacheka kuliko wote, mpaka machozi yakamtoka. Walid akamtazama mkewe akicheka.

"Zilinishinda, mama," alisema. "Nilijaribu setingi zote."

Kicheko kikaanza upya. Nusaiba akainamia sahani yake, akawa anautenga wali na nyama, mpaka kilipokwisha.