Wale Tisa wa Kidato cha Pili B

Nitasema mapema nisije nikajipamba: nilimwonea Nicholas Kimeli wivu. Haukuwa wivu wa kupita tu, wa kusema fulani ana bahati kisha ukaendelea na shughuli zako. Nilikula nao, nikalala nao, nikaamka nao ukiwa mzima.

Alikuja katika shule yetu ya misheni, nje kidogo ya Eldoret, mwaka 1955. Wakati huo mimi, Wamalwa, nilikuwa nimefundisha Hisabati pale miaka saba peke yangu. Bodi ya shule ikafungua mkondo wa pili, nami nikaletewa mwenzangu: kijana wa Kapseret, mrefu, meno meupe, mgeni wa kazi kabisa. Mimi nikapewa mkondo wa A, yeye B. Vyumba vyetu vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na kila asubuhi nikiwa nimewakalisha vijana wangu kimya juu ya aljebra, nilisikia wa kwake wakicheka. Wakicheka, katika somo la Hisabati. Nilijiambia hawasomi hao, wanachezeshwa.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mke wangu, Nanzala, aliingia siku moja na debe la maji akasema, "Mwalimu Kimeli amenibebea hili kutoka mtoni. Yule kijana ana adabu, Baba Nekoye." Nilikuwa nimemwoa miaka sita na sikuwahi kumbebea debe hata moja. Mama yake Kimeli alipokuja kumtembelea kutoka Kapseret, alituletea na sisi kibuyu cha mursik. Yalikuwa maziwa matamu sana, na hilo nalo liliniudhi.

Mwishoni mwa mwaka 1956 ikaja barua kutoka Idara ya Elimu. Kulikuwa na nafasi moja ya mwalimu Mwafrika wa Hisabati kwenda kusoma Uingereza mwaka mzima. Shule ipendekeze jina moja, na bodi ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho. Walimu wa Hisabati tulikuwa wawili. Niliisoma barua hiyo kwenye ubao wa matangazo mara tatu, na kila mara nilijiona nikipanda meli Mombasa na koti jipya. Halafu nilimwona Kimeli amesimama nyuma yangu, naye anaisoma, anapiga mluzi polepole.

"Hii ni yako, Mwalimu," akaniambia. "Wewe ndiye umekaa hapa siku nyingi."

Nilijibu kwamba tumwachie Mungu. Moyoni nilisema ataona.

Kila Desemba bodi hupewa uchambuzi wa mitihani ya mwaka: kwa kila darasa na kila somo, wanafunzi wangapi, wamefaulu wangapi kwa alama arobaini kwenda juu, ni asilimia ngapi, na wastani wa alama ni kiasi gani. Kazi hiyo niliifanya mimi miaka yote, maana mimi ndiye mtu wa hesabu. Mwaka ule hedimasta alikuwa mgeni. Alifika baada ya mitihani kwisha na wavulana kwenda kwao, akanikabidhi madaftari ya alama akasema ananiamini.

Nilianza na Kidato cha Pili, sitaki kudanganya. Darasa langu lilikuwa na vijana thelathini na saba. Mmoja hakufanya mtihani kwa sababu alikwenda kumzika baba yake Turbo. Waliofanya thelathini na sita, waliofaulu ishirini na tisa, asilimia themanini na nukta sita, wastani hamsini na nne. Nilifurahi. Nilikunywa kikombe kizima cha chai kabla ya kufungua daftari la jirani.

Kimeli alikuwa na vijana thelathini na watano. Wiki ya mtihani bweni lao lilivamiwa na matumbwitumbwi, mashavu yakavimba, tisa wakatengwa na kulazwa katika ghala la zamani. Iliamuliwa kwamba wakirudi Januari watafanya mtihani wao kabla ya kupandishwa darasa. Kwa hiyo waliofanya walikuwa ishirini na sita. Nikahesabu waliofaulu: ishirini na watatu. Nikagawa, nikagawa tena, nikageuza karatasi nikagawa upya kwa mkono wa taratibu. Asilimia themanini na nane na nusu. Wastani hamsini na tisa. Alikuwa amenishinda kote kote, yeye na vicheko vyake.

Nilikaa pale roho inaniuma kama jino. Nilimchukia kwa mluzi wake, kwa debe lile la maji, kwa mama yake mkarimu. Kisha macho yangu yakatua kwenye safu ya kwanza ya jedwali, ambayo miaka yote niliiandika "Wanafunzi" tu. Sikuwahi kuandika kama ni walioandikishwa au ni waliofanya mtihani. Mwenye kujua ni mimi.

Basi kwa B niliandika thelathini na watano. Wale tisa wagonjwa nikawapa sufuri kila mmoja, nikawaingiza miongoni mwa walioshindwa. Asilimia ikashuka hadi sitini na tano na nukta saba. Wastani ukaanguka hadi arobaini na tatu na nukta nane. Kwa A niliandika thelathini na sita, yule aliyekwenda kuzika nikamwacha nje kana kwamba hajazaliwa. Chini ya jedwali palikuwa na nafasi ya maelezo. Niliiacha wazi.

Khisa, karani wetu, aliipiga chapa kwenye stensili, na alasiri ya kabla ya mkutano tukaingia chumba cha mashine kutoa nakala. Mpini wa mashine ulikuwa mgumu, na Kimeli aliyekuwa akipita akasema, "Leta, nizungushe." Alizungusha, karatasi zikatoka zimelowa wino. Akainua moja, akaisoma. Niliona macho yake yakishuka mpaka Kidato cha Pili, yakasimama hapo. Yalisimama sana. Mimi nikajifanya napanga nakala. Kisha akairudisha juu ya rundo taratibu, akaizungusha mashine mpaka nakala zikatimia, akanawa mikono, akaondoka. Nilimwona mjinga, nikalala usingizi mzuri.

Siku ya pili bodi ilikutana katika maktaba. Niliitwa ndani kueleza tarakimu. Palikuwa na mwenyekiti, padri mzee, afisa wa elimu, mlowezi mmoja mwenye mashamba ya ngano, hedimasta, na Mzee Kipyego, mkulima wa kanisa la huku kwetu, Mwafrika pekee mezani. Mwenyekiti alisifu kazi yangu, akasema ni safi. Afisa wa elimu alipiga mstari mwekundu chini ya darasa langu na mwingine chini ya darasa la Kimeli, akayatazama mawili hayo akitikisa kichwa.

Mzee Kipyego hakuwa msemaji sana. Alivua miwani akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, hawa watoto thelathini na watano, wote walifanya mtihani?"

Nafasi ya kujisahihisha ndiyo hiyo, nililetewa mpaka mkononi. Ningesema ni kosa la kunakili, na hakuna ambaye angeniuliza zaidi.

"Wote, Mzee," nikasema.

Akavaa miwani yake. Nilitolewa nje, nikasubiri barazani kwenye baridi ya Desemba, moyo unadunda kwa furaha. Baada ya nusu saa hedimasta akatoka, akanishika bega.

"Bodi imefurahishwa sana nawe," akasema. "Mwakani tuna Kidato cha Tatu, kisha mtihani wa Cambridge. Baada ya kuona ripoti hii, wote wamekubaliana kwamba shule haiwezi kukuachilia, hata kwa mwaka mmoja. Wewe utachukua mikondo yote miwili. Kimeli ndiye atakwenda Uingereza. Ndiye anayehitaji mafunzo, na kwa matokeo kama yale, kukosekana kwake hakutatudhuru."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi: bwana, tarakimu hizo si sawa. Lakini ningelisema, ningekuwa mwongo mbele ya bodi na mbele ya Mzee Kipyego, na bado angekwenda Kimeli, maana hakuna bodi inayompeleka mwongo Uingereza. Kwa uongo wangu alikwenda, na kwa kuukiri pia angekwenda. Nikafunga mdomo, nikasema asante, bwana.

Nilimkuta Kimeli chumba cha walimu akipanga vitabu. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Nilijilazimisha kumpa mkono.

"Hongera," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu anayemeza kidonge.

Aliushika mkono wangu asiuachilie.

"Mwalimu, ile ripoti niliiona kwenye mashine," akasema. "Wale tisa uliwahesabu. Nilijua umesahau. Kazi ilikuwa nyingi, hedimasta mgeni, na wewe uko peke yako. Nilitaka kukuambia pale pale, lakini Khisa alikuwa amesimama. Nikasema nisikuaibishe mbele ya karani."

"Mbona hukwenda kwa hedimasta?"

"Kukushtaki wewe?" Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la ajabu. "Nilikwenda kwako jioni. Mama Nekoye akasema umelala mapema, nikamwambia asikuamshe. Asubuhi nikasema basi, nafasi ni yako, hata ikija hivyo ni sawa. Nisingeipinga."

Nilitafuta kitu cha kumchukia nisikione. Miaka miwili nilimwonea wivu wa urefu, wa meno, wa vicheko vya darasa lake. Sasa nilikuwa namwonea wivu wa moyo, na huo ndio mbaya kuliko yote, maana moyo wa mtu huwezi kumnyang'anya hata ukiwa na jedwali.

Aliniachia mkono akachukua karatasi iliyokunjwa mfukoni. Ilikuwa orodha, kwa mwandiko wake, majina tisa.

"Hawa watakuja kwako Januari kufanya mtihani wao, mimi nikiwa nimeshaondoka," akasema. "Hedimasta ameniambia kwamba kwa ripoti ilivyo, wanahesabiwa wameshindwa, na bodi leo imeamua walioshindwa wasirudi; barua za kuwafukuza zinapigwa chapa kesho. Nimemwambia angoje. Nimemwambia kuna jambo Mwalimu Wamalwa anataka kumweleza."

Aliiweka orodha kiganjani mwangu. Ofisi ya hedimasta ilikuwa mlango wa tatu kutoka pale, na taa yake ilikuwa bado inawaka.