Mkono wa Andama

Mama Betty alilipiga chapa tangazo la kazi kwa mikono yake mwaka 1988, likabandikwa mlangoni pa ofisi yao ya chanjo, mjini Arua, Uganda. Halikuwa na maneno matamu. Majina yatafungiwa kabatini, kila ombi lipewe namba. Maswali ni yale yale kwa wote. Mwenye ndugu kati ya waombaji hatatia alama. Hakuna atakayeulizwa dini yake, wala kama baba yake alikuwa askari, wala alikimbilia wapi wakati wa vita. Atakayekosa ataandikiwa sababu.

Nafasi ilikuwa moja, mchanjaji wa kutumwa Koboko. Maombi yalikuja kumi na mawili, na manane yaliandikwa kwa mkono mmoja.

Mama Betty akayasogeza dirishani. Ile g yenye mkia unaorudi nyuma aliijua. Ulikuwa mkono wa mumewe, mwalimu Andama, aliyezikwa kijijini Adumi mwaka 1980, amefungwa katika mkeka ambao waliouleta walimwambia asiufungue.

"Kwa hiyo shetani wake amefungua shule Koboko?" mkubwa wa ofisi, Anguyo, akacheka alipoambiwa, lakini kicheko hakikufika mbali. "Wamedanganya hawa. Tupa yote manane."

"Utawaandikia sababu gani, mzee? Kwamba marehemu aliwasaidia?"

Wakakubaliana waombaji wote kumi na wawili waandike upya mbele yao, si wale wanane peke yao.

Wakaenda Koboko, darasani. Mama Betty akasimama nyuma. Kalamu nane zikashuka pamoja, zikapinda pamoja, mikia ikarudi nyuma pamoja. Nje jua lilikuwa kali, ila yeye akageukia mlango.

"Mimi natoka," akamnong'oneza Anguyo. "Mkono huu ni wa mume wangu. Siwezi kuutia alama."

"Mama, hao si ndugu zako."

"Sijui wao ni nani kwangu. Ndiyo maana natoka."

Anguyo hakumbishia. Akamtolea kiti chake mwenyewe, akakiweka kivulini, kisha akarudi kusahihisha na Draku, karani mwenye ufunguo wa kabati. Kila mmoja aliandika alama zake bila kumwonyesha mwenzake.

Namba nne ilishinda. Draku alipofungua majina, ikawa Mariam Poni, msichana wa Ludara, mmoja wa wale wanane. Wengine kumi na mmoja wakaandikiwa sababu, kila mtu yake.

Mama Betty ndiye aliyempa barua ya kazi. Alikuwa na swali moja: nani alikufundisha, na wapi? Lakini kumuuliza hivyo ni kumuuliza alikimbilia wapi. Akalimeza.

"Hongera, mwanangu. Tia sahihi hapa."

Mariam akatia sahihi, akamtazama kwa upole.

"Asante, mama. Mwalimu aliyetufundisha kuandika alisema hutatuuliza kitu."

"Alisema lini?"

"Juzi, siku ya soko."