Kidonge Kimoja au Viwili

Mratibu wa mafunzo alisema ni kazi ya asubuhi moja. Maswali kumi tu, ya kunawa mikono na maji salama ya kunywa, ili wahudumu wa afya ya jamii wakija Jumatatu wapimwe kabla ya kufundishwa, kisha wapimwe tena baada ya somo.

"Wewe ndiye unayewafundisha akina mama kliniki kila Jumanne," alimwambia muuguzi. "Haya mambo unayo kwenye ncha za vidole."

Muuguzi, ambaye kituoni kila mtu humwita Sista, alikubali. Alikaa chumba cha chanjo, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi uliotiliwa kadibodi, akaandika maswali manne bila kuinua kalamu. La tano lilimkwamisha. Maji yachemke kwa muda gani? Alijua jibu tangu chuoni. Lakini bango la ukutani, lililofifia kwa jua, lilisema dakika kumi. Kijitabu cha mafunzo ya zamani kilisema dakika tano. Mwongozo mpya, ambao ilibidi autafute kabatini chini ya kadi za watoto, ulisema yakishaanza kutokota kwa nguvu, dakika moja inatosha, na tatu kwa wanaokaa milimani juu sana.

Akasimama katikati ya chumba akiangalia bango, kijitabu na mwongozo, kila kimoja na muhuri wake. Miaka tisa alikuwa akiwaambia akina mama dakika tano. Aliandika moja, akaifuta, akaiandika tena.

Swali la saba lilikuwa rahisi. Dumu la lita ishirini linahitaji vidonge vingapi vya kutibu maji? Kimoja. Hilo halikuhitaji kitabu. Aligawa vidonge hivyo kwa mikono yake mwenyewe.

Alhamisi jioni alirudi nyumbani na karatasi mkobani. Wifi yake, fundi cherehani aliyehamia kwao tangu mumewe apate kazi ya mbali, alikuwa sebuleni akikunja upindo wa sare za shule.

"Wifi, nifanyie hili jaribio, dakika kumi tu."

"Mimi na mambo ya hospitali wapi na wapi?"

"Ndiyo maana nakupa wewe. Nataka kuona mtu asiyejua anapata ngapi."

Wifi alitoa pini mdomoni, akachukua kalamu, akapitia karatasi kama mtu anayehesabu vifungo. Alipomaliza Sista akasahihisha. Tisa kwa kumi.

"Umejuaje kwamba baada ya kutia kidonge unasubiri nusu saa?"

"Sijui. Kwani unasubiri?"

"Umechagua hilo."

"Nimechagua refu. Angalia mwenyewe." Wifi akamwekea kidole kwenye karatasi. "Majibu ya uongo umeyaandika mafupi mafupi kama mtu mwenye haraka. La kweli umelipamba: 'Kusubiri kwa nusu saa, chombo kikiwa kimefunikwa vizuri, kabla ya kunywa.' Mtu gani ataliacha hilo?"

Sista alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akakaa pembeni ya rundo la sare, akayapunguza majibu ya kweli na kuyanenepesha ya uongo.

Ijumaa alimpa karatasi mpya Mama Pacha. Huyu alikuwa mhudumu wa afya ya jamii kwa miaka kumi na minne, mwanamke wa maneno machache aliyevaa viatu vya raba kiangazi na masika, na eneo lake ndilo lililokuwa na kesi chache zaidi za kuhara. Kama kuna mtu wa kupata kumi, Sista aliwaza, ni huyu.

Mama Pacha alitumia dakika arobaini. Alipata tano.

Sista alisahihisha mara mbili, kisha akasahihisha mara ya tatu kwa kalamu nyingine, kana kwamba kosa lilikuwa la wino. Wifi, ambaye hajui klorini ni kitu gani, tisa. Mama Pacha, tano. Alihisi kama mtu aliyepanda mahindi akavuna mawe.

"Mama Pacha, usikasirike. Njoo tuliangalie pamoja."

"Sijakasirika, Sista. Nimechoka tu kusoma."

Walianza na la pili: nyakati gani ni muhimu kunawa mikono kwa sabuni. Mama Pacha alikuwa ameweka alama kwenye baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kumsafisha mtoto, akaacha la mwisho lililosema "yote hayo."

"Si nimeyachagua yote?"

"Ulitakiwa uchague 'yote hayo.'"

"Nimechagua yote, moja moja." Mama Pacha alimtazama kwa upole wa kumtazama mgonjwa. "Tofauti yake nini?"

Wakaenda la nne: "Ni ipi kati ya hizi si njia isiyo salama ya kuhifadhi maji?" Sista alilisoma kwa sauti. Akalisoma tena polepole. Akatafuta jibu lake mwenyewe, akakuta hana hakika alikuwa anauliza nini.

"Hili nimeliandika mimi?"

"Mwandiko ni wako."

La tano Mama Pacha aliacha visanduku vyote vitupu, akaandika pembeni: *mpaka yatokote kwelikweli, ndio uhesabu.* La tisa alikosea kweli: aliamini maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye bati ni salama kunywa hivyo hivyo. Sista alimweleza kuhusu kinyesi cha ndege na uchafu wa paa.

"Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia watu wayanywe," Mama Pacha alisema.

Likabaki la saba. Mama Pacha alichagua vidonge viwili.

"Hili ni kimoja," Sista alisema. "Hili tunalijua wote."

"Kilikuwa kimoja."

"Kilikuwa?"

Mama Pacha alifungua mkoba wake wa kazi, akatoa kikasha cha vidonge. Rangi ya buluu ile ile, picha ya tone la maji ile ile. Akakigeuza ubavuni, pale penye maandishi madogo kama chawa. Kidonge kimoja, lita kumi.

Sista alikwenda stoo karibu anakimbia. Mtunza stoo alikuwa amepanga vikasha vya zamani na vipya kwenye rafu moja, kwa unadhifu kabisa, maana vilifanana. Vya zamani: kidonge kimoja, lita ishirini. Vipya: kimoja, lita kumi. Vipya vilifika wiki mbili zilizopita.

"Hukuniambia vimebadilika," Sista alisema.

"Havijabadilika. Ni vidonge vya maji," mtunza stoo alisema. "Jina ni lile lile. Mimi nahesabu vikasha."

Sista alirudi chumba cha chanjo na kufungua daftari la kliniki. Jumanne, kwa mara ya kwanza, aligawa vile vipya kwa akina mama kumi na mmoja. Alikata karatasi ya vidonge kwa mkasi ili vitoshe, kila mmoja vipande kadhaa, na maelekezo yakabaki kwenye kikasha. Na kwa kinywa chake mwenyewe alisema: kimoja kwa dumu, nusu saa, mnywe bila wasiwasi.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" alimuuliza Mama Pacha, na mara moja akajuta sauti yake.

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye Sista."

Mratibu aliposikia alishika paji la uso. Karatasi arobaini zilikuwa zimeshapigwa chapa, na ufunguo wa majibu ulisema "kimoja". Wahudumu thelathini na wanane wangefaulu swali la saba, kisha kila mmoja angekwenda kufundisha nyumba hamsini kutibu maji nusu nusu.

"Basi tubadilishe jibu, liwe viwili," alisema.

"Na wale wenye vikasha vya zamani? Bado vipo rafuni."

Mratibu akauangalia ufunguo wa majibu. "Sasa jibu sahihi ni lipi?"

"Sijui," Sista alisema. Ni kweli hakujua, kwa maana swali lenyewe halikuwa na jibu.

Jumamosi asubuhi yeye na Mama Pacha walizunguka nyumba kumi na moja kwa miguu. Katika nyumba nyingi mambo yalikuwa mepesi: walieleza, mama akaitikia, wakahesabu vidonge pamoja, wakatia cha pili kwenye dumu na kusubiri upya. Nyumba ya sita mtoto wa miaka miwili alikuwa akihara tangu Alhamisi. Macho yalikuwa bado na unyevu na alikunywa alipopewa. Sista alichanganya pakiti ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini kwa maji yaliyochemshwa, akamwonyesha mama kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko, akamwandikia aje kituoni siku hiyo hiyo.

"Ni yale maji?" mama aliuliza.

Sista aliangalia dumu. Halafu aliangalia choo cha jirani, kibuyu cha kunawia kisicho na sabuni, na embe lililoumwa lililoanguka mchangani karibu na mkono wa mtoto.

"Inawezekana ni maji. Inawezekana si maji. Sitakudanganya," alisema. "Lakini kidonge nilikuambia vibaya. Hilo ni kosa langu."

Mama akaenda kutafuta sabuni.

Nyumba ya mwisho walikuta bibi peke yake. Binti yake alikuwa kazini. Alisikiliza maelezo yote, mikono mapajani.

"Jumanne kimoja. Leo viwili. Mwezi ujao mtakuja na vitatu?"

"Bibi, inategemea kikasha. Kimeandikwa ubavuni."

"Mimi sijui kusoma, mwanangu."

Sista alimgeukia Mama Pacha, kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya mwenzake. Mama Pacha alichukua mkaa jikoni, akachora kwenye dumu la bibi mistari miwili minene. Kisha akafikiri, akakuna kichwa.

"Ila vikibadilika tena, hii nayo itakuwa uongo," alisema.

"Basi mrudi muifute," bibi alijibu.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Sista alikuwa ameyapunguza maswali yakabaki manane, hakuna "yote hayo," hakuna "si isiyo." Swali la vidonge halikuwa tena na visanduku. Alipanga mezani ndoo ya lita kumi, dumu la lita ishirini, kikasha cha zamani na kipya, na kila mhudumu aliitwa kivyake aonyeshe angefanya nini. Kati ya thelathini na wanane, kumi na watano waligeuza kikasha kusoma kabla ya kugusa kidonge. Baada ya somo waligeuza thelathini na sita.

Mratibu alifurahi, akaandika ripoti. Sista alikuwa bado anawafikiria wale wawili. Alikuwa pia akijaribu kuandika swali la tisa, la mtu asiyejua kusoma, utamwachia alama gani itakayobaki kweli kikasha kikibadilika. Aliandika majibu matatu yenye urefu sawa. Hakuna hata moja aliloweza kuliwekea alama ya sahihi, akamwita Mama Pacha akae naye.