Sauti ya Bwana Humoud

Mwalimu Hashil alipotengeneza filamu yake fupi pale Wete, picha alizipiga bila sauti. Kamera yake haikuweza kunasa maneno. Sauti alimwachia Khatib, fundi wa redio, aliyetundika magodoro kwenye kuta za ghala la karafuu ili mwangwi usiingie kwenye tepu.

Bwana Humoud, mwenye ghala, aliigiza tajiri anayemfukuza mjane shambani. Khatib alimsogezea maikrofoni karibu na mdomo. Humoud akasema maneno ya mchezo: "Bibi, tafuta pengine pa kukaa." Kisha akacheka.

"Mjane hafukuzwi hivyo! Huambiwa: Toka, na huyo maiti wako mbebe!"

Maneno hayo hayo Khatib aliyasikia utotoni mlangoni kwao, baba yake Silima hajazikwa bado. Humoud alikuwa hata hamkumbuki.

"Hayo ya mwisho yafute," Humoud alisema.

"Nitaisafisha tepu, bwana."

Akaisafisha. Alikata kikohozi kwa wembe, akaunga ncha kwa gundi, na penye pengo akatia kipande cha ukimya wa ghala lile lile, sikio lisishtuke. Maneno ya mchezo akayatupa. Ya Humoud akayaweka mahali pake; kwenye picha alikuwa ameipa kamera mgongo, mdomo hauonekani.

Kisha akaunganisha yote kwenye tepu moja: mazungumzo kutoka mashine ya kwanza, mvua kutoka ya pili, taarabu kutoka gramafoni, kila moja na kitufe chake. Mwalimu Hashil alikuwa amemwagiza muziki uwe juu pale mjane anapofukuzwa. Khatib alipofika hapo aliushusha taratibu mpaka ukafa. Mvua akaibakisha kidogo tu, kwa chini. Sauti ya Humoud akaipandisha, sindano ya kipimo cha sauti ikikaribia wekundu bila kuugusa, isije ikakwaruza.

Filamu ikaonyeshwa ghalani mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, mashine ya tepu ikienda sambamba na picha.

"Toka, na huyo maiti wako mbebe!"

Mzee mmoja wa Gando akasema kwa sauti, "Hivyo ndivyo alivyomwambia mke wa marehemu Silima!" Vichwa vikageuka. Humoud akainuka, kanzu ikanasa kwenye kiti, akatoka akijikwaa. Khatib alimtazama mpaka mlangoni, kifua kikimjaa utamu.

Kisha akamwona mama yake, Bi Mwanabaraka, ukutani, amejifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika.

"Mama, umeona alivyoaibika?"

"Nimemsikia, mwanangu. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake."

Tangu siku hiyo Humoud hakuonekana tena barazani. Mwalimu Hashil akaja kumtaka Khatib abadilishe kipande kile kabla filamu haijapelekwa Chake.

"Mama yako ameumia," alisema.

"Najua," Khatib akajibu, akaifungia tepu sandukuni. "Lakini itakwenda hivyo hivyo."