Siku Nne za Bwana Sifuri

Stoo ya duka lile la vyombo vya nyumbani ilikuwa imejaa hadi panya waliozaliwa nyuma ya ndoo walizeeka bila kuwahi kukutana na jamaa zao wa nyuma ya masufuria. Mama Stoo, aliyeshika funguo zote na maneno yote ya mahali pale, aliapa kwamba kuna karai moja alilikuta humo alipoanza kazi akiwa msichana. Sasa ana wajukuu watatu, na karai bado halijapata mchumba.

"Cheka tu, Mama Stoo," mhasibu alimwambia. "Hilo karai ndilo linalotunyima duka la pili."

Alisema hivyo mbele ya Tajiri, mwanamke wa miaka sitini aliyeanza biashara na meza moja ya vijiko. Tajiri alitaka kufungua duka la pili mtaa wa juu, na juma hilohilo benki ilikuwa imempa chai, ikampa tabasamu, ikamnyima mkopo. Mhasibu aliitoa kalenda ukutani akailaza mezani.

"Tazama, Tajiri. Sisi hatumkopeshi mteja, kwa hiyo pesa inarudi siku bidhaa inapouzwa. Ndoo ikiingia leo, kwa wastani inakaa siku sabini na mbili. Aliyetuletea tunamlipa siku ya ishirini. Toa ishirini kwenye sabini na mbili."

"Hamsini na mbili."

"Siku hamsini na mbili pesa yetu imetoka na haijarudi. Na bidhaa tunazouza kwa siku moja tumezinunua kwa milioni moja. Maana yake milioni hamsini na mbili zimelala humu stoo, zinakoroma. Tukipunguza mzigo uwe wa siku arobaini na tano, na wanaotuletea wakakubali kulipwa siku ya arobaini na tano, tutakuwa tunauza na kulipa siku ileile. Mzunguko wa pesa, zile siku za kungoja, unabaki sifuri. Zile milioni zinaamka, zinakwenda kufungua duka."

"Zote zetu hizo?" Mama Stoo aliuliza. "Au nyingine ni za watu?"

"Ishirini na saba ni zetu, tumezifungia kwenye makarai yako. Ishirini na tano ni subira ya wenzetu."

"Subira ya mwenzio haikuumi tumbo," alisema Mama Stoo.

Tajiri hakucheka. "Wenye viwanda vya plastiki na masufuria wabane," alisema. "Wale wakingoja siku arobaini na tano hata mbwa wao hawatakonda. Lakini wadogo, wa sabuni, wa majiko, wa mabrashi, waache na siku zao ishirini. Mimi nimeuza vijiko. Siku ya ishirini na moja naijua sura yake."

"Nimekuelewa, Tajiri."

Na alielewa. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, maana mtu asiyeelewa ana pa kujificha.

Alirudi kwenye meza yake akapiga hesabu upya. Katika kila milioni ya bidhaa, wadogo walileta za laki moja na elfu sitini. Wakiachwa na siku zao ishirini, wastani wa kulipa ulikuwa siku arobaini na moja, si arobaini na tano. Mzunguko ukawa siku nne.

Nne! Aliitazama kama bwana harusi anavyotazama tone la mchuzi kwenye shati jeupe. Alikuwa ameshaitangaza sifuri. Sifuri ni duara, haina pembe, inakaa kwenye karatasi kama yai kwenye kiota. Nne imevunjika mgongo. Akajiambia kuwa hao wadogo deni lao lote litakaloongezeka ni milioni nne tu, tena wamegawana wengi. Akachukua kalamu, akawaandikia barua wote, wakubwa kwa wadogo: siku arobaini na tano.

Barua moja ilimfanya asite. Ilikuwa ya mtengeneza mabrashi, naye alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, aliyemlipia masomo ya uhasibu kwa brashi za kusugulia sakafu. Dukani hakuna aliyejua. Siku ya kwanza ya kazi mhasibu alimwomba wasijuane mbele za watu, isije ikasemwa amepitia mlango wa nyuma. Mjomba aliupenda mchezo huo. Kila alipoleta mzigo alivua kofia na kusema kwa sauti ya mgeni wa heshima, "Habari za kazi, bwana mhasibu?" kisha akakonyeza jicho. Nyumbani walikuwa wakiitana "mjomba" kwa "mjomba", kama ilivyo desturi ya watu wenye adabu zao.

Kumwacha yeye peke yake ni upendeleo, mhasibu alijiambia. Akaitia barua kwenye bahasha. Mjomba alipoipokea alitia saini bila kuisoma, kwa kuwa aliujua mwandiko.

Mambo yakanyooka kama yamepigwa pasi. Mama Stoo aliacha kuagiza kwa malori, akawa anaagiza kila Jumatatu kile kilichouzwa tu. Vilivyooza stoo viliuzwa kwa bei ya kutupa, na lile karai likapata mchumba, mwanamke mmoja wa makamo aliyelichukua bila hata kuomba punguzo. Sakafu ya stoo ilionekana kwa mara ya kwanza. Wafanyakazi walibishana kama ni ya saruji au ya vigae. Baada ya miezi mitatu milioni hamsini na mbili zilikuwa zimeamka, chumba cha duka la pili kimekodiwa, rafu zimepigwa. Tajiri alimnunulia mhasibu kiti kinachozunguka, na dukani wakambatiza jina: Bwana Sifuri.

Alilipenda jina kwa wiki sita hivi.

Jumatatu moja Mama Stoo aliingia ofisini mikono kiunoni. "Bwana Sifuri, rafu ya mabrashi nyeupe. Jumatatu ya juzi nusu mzigo, iliyopita robo, leo hakuna. Zamani angechelewa mwezi mzima nisingejua, nilikuwa na mabrashi ya kusugua dunia yote. Sasa mzigo wenyewe umebana, akichelewa wiki moja mteja anaondoka. Nimwambie Tajiri tumtafute mwingine?"

"Ngoja," alisema mhasibu. "Nitakwenda mwenyewe."

Karakana ya Mjomba ilikuwa chumba kimoja kilichofunguka uani. Kutoka njiani mhasibu hakusikia mngurumo wa mashine ya kutobolea, ile ambayo Mjomba alipenda kusema ilinguruma hadi mbwa wa jirani wakajifunza kuimba. Ndani alimkuta mzee amepiga magoti juu ya ubao, anatoboa kwa kekee ya mkono. Mahali pa mashine palikuwa na parafujo nne zimesimama kwenye saruji.

"Mjomba! Karibu, mjomba. Leo hatujuani au tunajuana?"

"Mashine iko wapi?"

"Imekwenda kutembea." Mzee alijifuta jasho. "Usinitazame hivyo. Nyuzi nanunua kwa pesa taslimu, mbao taslimu. Siku kumi nashona, siku ishirini nangoja kwenu. Mwezi mmoja, pesa imerudi nyumbani, nanunua nyuzi nyingine. Sasa nashona siku kumi, nangoja arobaini na tano. Ile kazi yangu ya elfu arobaini kwa siku, mara siku ishirini na tano zilizoongezeka, ni ngapi, wewe msomi?"

"Milioni moja."

"Ndiyo mtaji wangu wote. Uko kwenu dukani, mzima wa afya, ila haujui njia ya kurudi. Nikauza mashine ninunue nyuzi. Sasa nina nyuzi, sina mashine." Akacheka, kisha akakohoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Tajiri wako ameamua, wewe ni mwajiriwa. Ningekuja kulia, ungekwenda kunitetea, wangejua sisi ni ndugu, ungefukuzwa. Nilimwambia mke wangu, tuvumilie, tusimharibie kijana."

Mhasibu aliaga akaondoka bila kumsahihisha, na njia nzima alihisi zile parafujo nne zimesimama mgongoni mwake.

Alimkuta Tajiri kwenye duka la pili, anazungumza na fundi kuhusu kibao cha taa cha jina la duka, bei milioni nne, nazo ndizo za mwisho zilizobaki. Akamwambia yote akiwa amesimama, fundi akisikia: barua za wadogo, ile nne, yule mjomba.

Tajiri alimwacha fundi, akamsogelea. "Nilikwambia nini?"

"Wadogo niwaache."

"Ukanisikia?"

"Nilisikia."

"Umemkaba mtu koo, halafu ukamwagiza akimbie kila Jumatatu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Stoo iliyobana inaishi kwa pumzi za anayeleta mzigo. Ishirini na saba ulizozitoa stoo ulizitoa kwa akili. Ishirini na moja za wakubwa, kwa akili. Hizi nne umeziiba kwa ajili ya urembo." Akamgeukia fundi. "Baba, kibao hakipo. Niletee kopo la rangi."

Kisha akamwambia mhasibu: "Yote yaliyopita siku ishirini lipa leo. Si kwa benki. Kwa miguu yako, mlango kwa mlango, na kila mmoja umwambie ni nani aliyefanya. Mimi jina langu lisitajwe kwenye ujinga wako."

Alitembea siku mbili. Mama wa sabuni alimtukana vizuri, tusi lenye vina, na mhasibu alishukuru. Fundi wa majiko alichukua pesa bila kumtazama. Alimweka Mjomba mwisho, kama mtoto anavyoacha dawa chungu ipoe.

Mzee alikuwa palepale juu ya ubao. Mhasibu aliiweka bahasha kwenye benchi, akasema yote: kwamba Tajiri alikataza, kwamba kalamu ilikuwa yake, kwamba barua ile ingeweza kuandikwa siku ishirini.

Kekee ilisimama.

"Hiyo sifuri," Mjomba aliuliza, "ilikuwa inakupa nini?"

"Hakuna. Ilipendeza kwenye karatasi."

"Na mashine imeshakwenda mji mwingine. Aliyeinunua hakuacha anwani."

"Nitanunua nyingine, Mjomba. Nitakatwa mshahara..."

"Mpaka lini?"

Alipiga hesabu kichwani kwa mazoea. Miezi kumi na minne.

Mjomba hakuigusa bahasha. Alivuta ubao mpya, akauweka juu ya magoti, ukawa unateleza. Brashi moja ina matundu sitini. Mhasibu alivua koti, akachuchumaa, akaushika ubao pande zote mbili, kama alivyokuwa akifanya zamani akitoka shule na daftari kwapani. Vumbi la mbao lilimwangukia kwenye mikono ya shati.

Walikuwa wawili tu, hapakuwa na mtu wa kumficha. Alingoja asikie lile jina lake la nyumbani.

"Shika vizuri," alisema mzee bila kuinua kichwa. "Shika vizuri, bwana mhasibu."